Kinachoporomoka na Kinachobaki: Gemu za Kupanga Vitatu Zinavyofanya Kazi

Mchezaji anasukuma kipande kimoja kwa kidole, hatua moja tu. Vipande vitatu vya rangi moja vinakutana na kutoweka. Vilivyokuwa juu yake vinashuka kuziba pengo, na katika kushuka kwao vinakutana vitatu vingine ambavyo hakuna aliyevigusa. Navyo vinatoweka, vingine vinashuka, na skrini nzima inatikisika kwa sekunde kadhaa huku mwenye simu akitazama tu. Wengi huita hiyo bahati. Bahati imo ndani yake, lakini si yote. Sehemu kubwa ya mporomoko huo huwa imeandikwa ubaoni kabla kidole hakijagusa kioo, na anayejua kusoma ubao anaweza kuiona.

Gemu za aina hii zina ukoo unaofahamika. Mwaka 1994 Mrusi Eugene Alemzhin alitoa gemu ya kompyuta iitwayo Shariki, iliyokuwa na kanuni ileile ya kubadilishana nafasi vipande viwili vilivyo jirani ili kupata vitatu vya rangi moja. Mwaka 2001 kampuni ya Kimarekani ya PopCap ikaleta Bejeweled, yenye ubao wa vito wa nafasi nane kwa nane na rangi saba. Toleo la pili la Bejeweled, la mwaka 2004, likaongeza jambo lililobadili mchezo: anayepanga vinne au vitano hapati alama nyingi tu, bali anaachiwa ubaoni kito chenye nguvu. Mwaka 2012 kampuni ya King ikatoa Candy Crush Saga, kwanza kwenye Facebook na baadaye mwaka huohuo kwenye simu, na pipi zake ndizo zilizoingiza mchezo huu katika mikono ya watu wa kila rika.

Sura hubadilika, leo vito, kesho pipi au matunda, lakini mtambo wa ndani ni mmoja. Tukiufungua tutakuta mambo mawili yanayotenda kazi pamoja: mporomoko, ambao huja wenyewe, na kipande maalumu, ambacho karibu daima hutengenezwa kwa makusudi.

Mzunguko usioruhusiwa kusimama katikati

Kabla ya hatua ya kwanza, gemu hupanga ubao. Hujaza nafasi moja baada ya nyingine, na kila inapoweka kipande hutazama viwili vilivyotangulia upande wa kushoto na viwili vilivyo juu yake. Kama viwili vya kushoto ni vya rangi moja, rangi hiyo haitumiki hapo. Na vya juu vivyo hivyo. Kwa hiyo rangi zinazokatazwa haziwezi kuzidi mbili, na gemu yenye rangi tatu au zaidi haikosi kamwe rangi ya kuweka. Ndiyo maana ubao mpya hauna vitatu vilivyokwisha kupangika. Gemu huhakikisha pia kwamba ipo walau hatua moja ya kucheza, la sivyo huchanganya upya.

Mchezaji anapobadilisha nafasi za vipande viwili, gemu huuliza swali moja: je, kuna mahali vitatu au zaidi vya rangi moja vimekaa mfululizo, kwa mlalo au kwa wima? Kama hakuna, vipande hurudishwa vilikotoka na hatua haihesabiwi. Kama vipo, kazi inaanza, na mpangilio wake ni huu. Kwanza gemu huweka alama kwenye vipande vyote vilivyopangika. Pili, huamua kama urefu au umbo lake linastahili kipande maalumu. Tatu, huondoa vilivyowekwa alama. Nne, hushusha vilivyobaki hadi pengo lote lipande juu. Tano, hutupia vipande vipya kutoka juu, kwa kawaida kwa kubahatisha rangi. Kisha hurudi mwanzo na kuuliza swali lilelile tena.

Kurudi huko ndiko kunakozaa mporomoko. Programu haina sehemu iliyoandikwa ili kuzalisha msururu. Inachofanya ni kukataa kumrudishia mchezaji zamu hadi swali lijibiwe "hakuna". Anayecheza bao ataitambua tabia hii mara moja: kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mkono unaendelea, na zamu haiishi mpaka mchezaji alale katika shimo tupu. Tofauti ni kwamba katika bao kila kete inaonekana tangu mwanzo, ilhali hapa vipande vinavyotoka juu havijulikani. Hata hivyo, kama tutakavyoona, mara nyingi hivyo vipya havina mchango wowote.

Hatua moja hadi mwisho

Tuchukue ubao mdogo wa nafasi tano kwa tano. Herufi zinasimamia rangi: N ni nyekundu, B ni buluu, K ni kijani, M ni manjano na Z ni zambarau.

```
B Z M N B
Z N Z B M
M K B K N
B Z N M Z
N N K N B
```

Tazama mstari wa chini kabisa. Kuna nyekundu mbili, kisha kijani, kisha nyekundu nyingine. Juu ya ile kijani ipo nyekundu. Mchezaji anazibadilisha nafasi: nyekundu inashuka, kijani inapanda. Sasa mstari wa chini una nyekundu nne mfululizo. Kwa kuwa ni nne, gemu haiondoi zote. Tatu zinatoweka, na ile iliyosukumwa na mchezaji inabaki palepale ikiwa kipande maalumu. Tukiandikie alama ya nyota.

Hapa pana jambo dogo lenye matokeo makubwa. Safu ya kwanza, ya pili na ya nne zimepoteza kipande kimoja kila moja, kwa hiyo zinashuka hatua moja. Safu ya tatu haishuki, kwa sababu chini yake kimebaki kipande maalumu. Safu ya tano nayo haikuguswa. Vipande vitatu vipya vinaingia juu, na ubao unakuwa hivi:

```
K M M Z B
B Z Z N M
Z N B B N
M K K K Z
B Z * M B
```

Angalia mstari wa nne. Kijani tatu zimekutana. Ya katikati ni ileile iliyopandishwa wakati wa kubadilishana nafasi. Ilibaki imesimama huku jirani zake wawili wakishuka na kuja kulingana nayo. Gemu inauliza swali lake, inazikuta na kuziondoa. Safu ya pili, ya tatu na ya nne zinashuka hatua moja, na vipya vitatu vinaingia tena:

```
K N K N B
B M M Z M
Z Z Z N N
M N B B Z
B Z * M B
```

Sasa ni zamu ya zambarau, katika mstari wa tatu. Moja ilikuwa imesimama katika safu ya kwanza, na mbili zimekuja kutoka juu pamoja na safu zao. Zinaondoka, safu tatu za kushoto zinashuka, vipya vinaingia, na safari hii gemu ikiuliza inapata jibu la "hakuna":

```
Z B M N B
K N K Z M
B M M N N
M N B B Z
B Z * M B
```

Mchezaji amerudishiwa zamu. Kwa hatua moja ameondoa nyekundu tatu, kijani tatu na zambarau tatu, na amebakiwa na kipande maalumu chini ya ubao. Hatua inayofuata pia ipo: akibadilisha buluu ya kushoto katika mstari wa tatu na manjano iliyo chini yake, atapata manjano tatu.

Turudi kwenye ubao wa kwanza na kuzitafuta kijani na zambarau zilizoporomoka. Zote sita zilikuwepo tangu mwanzo. Kati ya vipande tisa vilivyotoka juu, hakuna hata kimoja kilichosaidia. Msururu mzima ungeweza kusomwa kabla ya kidole kugusa skrini, na mtu anayetaka kuusoma anahitaji kujua jambo moja tu: safu zipi zitashuka na zipi zitasimama.

Ujirani mpya

Hilo ndilo kiini cha mporomoko. Vipande vikishuka pamoja kwa kimo kilekile, ujirani wao haubadiliki. Vilivyokuwa sambamba vinabaki sambamba, na kwa kuwa havikuwa vimepangika vitatu huko juu, havitapangika chini. Kinachobadilika ni mpakani, pale safu iliyoshuka inapopakana na safu iliyosimama. Huko kila kipande kinapata jirani mpya, na kila jirani mpya ni nafasi ya kupatikana vitatu.

Tuhesabu katika ubao wa Bejeweled, nane kwa nane, rangi saba. Mchezaji akipanga vitatu vya kawaida kwa mlalo katikati ya mstari wa chini kabisa, safu tatu zinashuka hatua moja kuanzia juu hadi chini. Katika kila mstari, mpaka wa kushoto unazaa makundi mawili mapya ya vitatu: lile lenye vipande viwili vilivyosimama na kimoja kilichoshuka, na lile lenye kimoja kilichosimama na viwili vilivyoshuka. Mpaka wa kulia unazaa mawili pia. Ni makundi manne kwa kila mstari, na mistari ni minane, kwa hiyo yanapatikana makundi mapya 32.

Kundi moja la vipande vitatu lina uwezekano gani wa kuwa rangi moja? Cha kwanza kiwe chochote. Cha pili kina nafasi moja kati ya saba ya kufanana nacho, na cha tatu vivyo hivyo. Hiyo ni moja kati ya 49. Makundi 32 yakiwa na uwezekano huo, wastani ni kama 0.65 ya mpangilio mpya kwa kila hatua ya aina hiyo, bila kuhesabu vipande vipya vinavyoweza kulingana vyenyewe juu. Ni makadirio, lakini yanatosha kuonyesha ukubwa wa jambo.

Sasa mchezaji huyohuyo apange vitatu vyake katika mstari wa pili kutoka juu. Mistari iliyotikisika ni miwili tu, makundi mapya ni manane, na wastani unashuka hadi 0.16 hivi, yaani robo ya ule wa mwanzo. Ushauri wanaopeana wachezaji kwamba ni heri kucheza chini ya ubao una mzizi wake hapa. Anayecheza chini anatikisa ubao mzima.

Ushauri huo, hata hivyo, una upande wa pili. Mporomoko haujui mchezaji alikuwa amekusudia nini. Kama juu alikuwa ametenga nyekundu mbili na mbili akisubiri ya kuziunganisha, hatua ya chini itazisogeza na kuvunja mpango wake. Anayecheza juu anapoteza nafasi za mporomoko lakini anahifadhi alichojenga. Mchezaji mzuri huchagua kati ya hayo mawili kulingana na kile ambacho ubao unacho tayari.

Rangi moja pungufu

Hesabu ile inaeleza pia kwa nini baadhi ya hatua za gemu huonekana kuporomoka zenyewe na nyingine huwa kavu. Weka rangi sita badala ya saba, na moja kati ya 49 inakuwa moja kati ya 36. Makundi yetu 32 yanatoa wastani wa karibu 0.9. Kwa rangi tano ni moja kati ya 25, na wastani unapanda hadi 1.3 hivi. Kwa rangi nne ni moja kati ya 16, na wastani unafika 2.

Kizingiti kiko kwenye moja. Wastani ukiwa chini ya moja, kila mporomoko huzaa kwa wastani pungufu ya mmoja wa kuufuata, hivyo msururu hufifia haraka. Ukivuka moja, kila mpangilio huelekea kuzaa zaidi ya mmoja, na msururu unaweza kwenda mrefu sana. Kinachouzima hatimaye ni kwamba si mipangilio yote hutokea chini. Ile ya juu hutikisa mistari michache tu. Watengenezaji wa Candy Crush Saga hawatumii idadi ileile ya rangi katika mbao zote, na mchezaji huhisi tofauti hiyo mara moja hata kama hajahesabu rangi. Kwa mtengenezaji, kuongeza au kupunguza rangi moja hubadilisha ugumu kuliko karibu jambo lingine lolote, na akikosea hapo dalili huonekana wazi. Rangi zikiwa chache mno, ubao unajicheza wenyewe na mchezaji anageuka mtazamaji. Zikiwa nyingi mno, hatua za kucheza zinaadimika na gemu inalazimika kuchanganya ubao mara kwa mara.

Kwa nini vinne huwa na pengo

Mporomoko unaweza kumjia yeyote. Vinne na vitano ni habari nyingine, na sababu yake imo ndani ya kanuni yenyewe ya mchezo.

Fikiri mstari wa nyekundu nne umepatikanaje. Haiwezekani kwamba zilikuwa tatu mfululizo na ya nne ikaongezwa mwishoni, kwa sababu tatu zingekuwa zimekwisha kutoweka. Kwa hiyo, kabla ya hatua, lazima zilikuwa mbili upande mmoja na moja upande wa pili, na katikati pana pengo lenye rangi nyingine. Nyekundu ya kuziba pengo haiwezi kutoka katika mstari uleule, maana jirani zake wa mlalo ndio hao wanaosubiri kuunganishwa. Lazima ishuke kutoka juu au ipande kutoka chini. Ndivyo ilivyokuwa katika ubao wetu mdogo.

Vitano vya mstari vinabana zaidi. Upande mmoja hauwezi kuwa na zaidi ya viwili, hivyo lazima viwe viwili huku na viwili huku, na pengo liwe katikati kabisa. Na vitano ndio mwisho: kwa hatua ya mchezaji mwenyewe, mstari ulionyooka hauwezi kufika sita. Anayetafuta vitano asitazame mahali palipojaa rangi yake. Atafute jozi mbili zilizoachana kwa nafasi moja, kisha kipande cha tano juu au chini ya nafasi hiyo.

Umbo la pembe, na lile la mlalo wenye mguu katikati, vina kanuni inayofanana. Kipande kinachosukumwa kinakamilisha mlalo na wima kwa pamoja, hivyo daima ndicho kinachokaa kwenye makutano. Tukijumlisha yote, kipande kilichopandishwa kutoka chini kinaweza kukuta viwili kushoto, viwili kulia na viwili juu yake. Pamoja nacho ni saba, na hicho ndicho kikomo cha rangi moja kwa msukumo mmoja. Wakati wa mporomoko kikomo hicho hakipo, kwa sababu vipande vingi husogea na kuingia kwa pamoja.

Kwa mantiki hii, kipande maalumu ni malipo ya subira. Ili kupata vinne, mara nyingi mchezaji lazima aache vitatu ambavyo angeweza kuvichukua sasa hivi, alinde pengo lisizibwe na rangi isiyofaa, na asitikise safu zile mpaka kipande cha mwisho kifike.

Nguvu ya kilichobaki

Katika Candy Crush Saga, vinne vya mstari huacha pipi ya milia. Mwelekeo wa milia unafuata mwelekeo wa kidole: vinne vya mlalo hukamilishwa kwa msukumo wa wima, nayo pipi hubeba milia ya wima na hufuta safu nzima ya wima itakapolipuliwa. Pipi hiyo inabaki na rangi yake, kwa hiyo hulipuliwa kwa kuipanga na wenzake wa rangi ileile, au kwa kupigwa na mlipuko mwingine. Umbo la pembe huacha pipi iliyofungwa, ambayo hulipua nafasi nane zinazoizunguka, hushuka, kisha hulipuka mara ya pili. Vitano vya mstari huacha bomu la rangi. Hilo halina rangi yake lenyewe. Likibadilishwa nafasi na pipi yoyote, huondoa pipi zote za rangi hiyo ubaoni.

Faida kubwa zaidi hutokea pale vipande maalumu viwili vinapokaa jirani na kubadilishwa nafasi, jambo linaloruhusiwa hata kama rangi zao hazilingani. Katika ubao kamili wa tisa kwa tisa wenye nafasi 81, pipi moja ya milia hufuta nafasi tisa. Mbili pamoja hufuta mlalo na wima, nafasi 17. Pipi ya milia na iliyofungwa hufuta milalo mitatu na wima tatu. Zikiwa mbali na kingo za ubao hizo ni nafasi 45, zaidi ya nusu. Bomu la rangi likikutana na pipi ya milia, kila pipi ya rangi hiyo hugeuka kuwa ya milia na zote hulipuka. Kwa rangi sita hizo ni kama 13 kwa wastani. Mabomu mawili ya rangi yakikutana, ubao wote unafutwa.

Hapo ndipo mambo yetu mawili yanapoungana. Mlipuko mkubwa huacha mapengo ya vimo tofauti, safu moja ikishuka hatua tatu na jirani yake tano. Mipaka ya ujirani mpya inakuwa mingi kuliko katika hatua yoyote ya kawaida, na mporomoko unaofuata unaweza kuwa mrefu kuliko mlipuko wenyewe. Na kwa kuwa Candy Crush humpa mchezaji idadi maalumu ya hatua kwa kila ubao, kila kinachoporomoka baada ya msukumo ni kazi iliyofanyika bila kulipiwa hatua.

Panapokosewa

Vijana wanaojifunza kuandika gemu huanza mara nyingi na aina hii, na makosa yao huwa yaleyale. La kwanza ni kuondoa vitatu mara tu vinapoonekana. Programu ikisoma kutoka kushoto na kufuta vitatu vya kwanza ilivyokuta, mstari wa tano utaliwa kabla haujatambuliwa, na mchezaji atabaki na viwili visivyo na maana badala ya bomu la rangi. Dawa ni kutia alama kwanza ubao mzima, kisha kuamua kwa ngazi: vitano vya mstari kwanza, umbo la pembe pili, vinne tatu, na vitatu mwisho.

La pili ni kusahau kwamba vinne vinaweza kutokea wakati wa mporomoko, pasipo kidole kilichosukuma chochote. Kipande maalumu kikae wapi? Kama programu inategemea kumbukumbu ya mahali mchezaji alipogusa, kitatokea pasipostahili au hakitatokea kabisa. Lazima iwekwe kanuni ya pili kwa ajili ya hali hiyo, kwa mfano kukiweka katika mojawapo ya nafasi za mstari uliopatikana.

La tatu linahusu milipuko inayopokezana. Pipi ya milia inapofuta safu yenye pipi nyingine ya milia, hiyo ya pili nayo inapaswa kulipuka. Programu isiyo makini huifuta kama pipi ya kawaida na nguvu yake inapotea. Inayofanya kazi vizuri huweka kila kipande maalumu kilichopigwa kwenye foleni, hulipua foleni yote hadi iishe, na ndipo hushusha safu. Ikishusha mapema, milipuko iliyobaki itapiga vipande ambavyo havikuwa pale.

Mchezaji wa kawaida hana haja ya kuandika programu ili afaidike na haya. Kabla ya kusukuma, aulize safu zipi zitashuka na kwa hatua ngapi, kisha atazame mipakani tu, kwa sababu ndani ya kundi linaloshuka pamoja hakuna jipya. Akiona jozi mbili za rangi moja zilizoachana kwa nafasi moja, aziache zikae na acheze juu yake au mbali nazo. Akishapata kipande maalumu kimoja, ajitahidi kujenga cha pili jirani yake kabla ya kukilipua. Rangi za vipande vitakavyotoka juu hatazijua, na katika ubao mgumu zinaweza kumnyima ushindi hata kama amecheza vizuri. Lakini vilivyoko tayari kwenye skrini vinamtosha kuhesabu hatua mbili au tatu za mporomoko, na kwa kawaida hizo ndizo nyingi kuliko anazozitumia.